Nimeomba Ajira Portal mara 23, sijaitwa usaili hata mmoja. Huu mfumo unaweza kumpa mtu nini hasa?

#1 Kijana wa Rangi Tatu
Habari wakuu. Naenda moja kwa moja.

Nina digrii ya uhasibu, nilimaliza chuo 2021 nikarudi nyumbani Mbagala. Tangu hapo nimeomba kazi Ajira Portal mara 23. Nimehesabu jana usiku baada ya mama kuniuliza kama "ile kompyuta ya serikali" imejibu. Usaili sijaitwa hata mmoja. Yaani hata nafasi ya kwenda kufeli sijapewa.

Mwaka jana nikajisajili na TaESA pia, ule wakala wa ajira wa serikali, nikidhani ndiko unakopangiwa kazi. Nikaitwa semina ya kuandika wasifu. Semina nzuri, chai ilikuwepo, nikarudi nyumbani na kalamu.

Nauliza kwa nia njema: hivi hizi ofisi na huu mfumo vinaweza kumpa mtu nini? Nijue nisubiri au nihesabu kwamba nasubiri meli stendi ya Mbezi.

#2 Pweza wa Feri
Koneksheni. Uzi ufungwe.

#3 Pweza wa Feri
Samahani, naongezea. Mara 23 umemwandikia barua mtu asiyekujua, asiyemjua mjomba wako. Wewe ungemjibu?

#4 Dada Steshenari
Kijana, pole. Mimi nina steshenari Mwenge na robo ya wateja wangu ni nyie wa Ajira Portal. Nikuulize swali la kikazi: akaunti ulifungua mwenyewe au ulifunguliwa?

Naulizia kwa sababu kila wiki napokea watu ambao akaunti zao zilifunguliwa na kijana wa steshenari fulani, kwa barua pepe aliyoitunga yeye, nywila anayo yeye, na sasa ameacha kazi. Mtu anakuja ananiambia "nimeomba Utumishi" lakini hajawahi kuiona akaunti yake kwa macho. Hajui kilichojazwa humo. Juzi nimemkuta mama mmoja kaandikiwa kwamba anajua Kifaransa. Ameshangaa kuliko mimi.

#5 Kijana wa Rangi Tatu
@Dada Steshenari nilifungua mwenyewe nikiwa chuo, mwaka wa mwisho. Nywila ninayo. Kifaransa sijui na sikudanganya.

#6 Masjala wa Zamani
Kijana, kabla hatujamkimbilia mjomba wa Pweza, fanya hivi. Ingia kwenye akaunti, fungua My Applications, uyapitie maombi yote 23 moja moja. Kwa yale ambayo hukuchaguliwa, mara nyingi sababu imeandikwa. Tuletee vitu viwili tu: jina kamili la nafasi uliyoomba na sababu iliyoandikwa. Jina la nafasi uliandike kama lilivyo, usilifupishe.

Nilikaa ofisi ya utawala halmashauri miaka mingi kabla sijastaafu. Watu wengi wanadhani wamekataliwa na mtu, kumbe maombi yao hayajawahi kufika kwa mtu.

#7 Baba Wawili Kimara
Habari. Samahani kuingilia, mimi nina kijana wangu kamaliza kidato cha nne, anataka Uhamiaji. Hii Ajira Portal ndiyo anaombea? Na TaESA wanapeleka jeshini?

#8 Masjala wa Zamani
@Baba Wawili Kimara hapana kwa yote mawili, mzee mwenzangu. Polisi, Uhamiaji, Zimamoto na Magereza wanatangaza wenyewe na kupokea maombi kwa njia zao. Jeshi vivyo hivyo. Tangazo likitoka lisome mwisho kabisa, pale panapoandikwa maombi yatumwe wapi.

Na si wao tu. Mapema 2025 TRA walipoajiri waliendesha zoezi lao wenyewe. Waliokuwa wamekaa wanafungua Ajira Portal kila asubuhi kulisubiri lile tangazo waliikosa treni wakiwa stesheni.

#9 Nesi wa Zamu
Hapo kwa TRA mkuu umenikumbusha. Walioomba walikuwa 135,027, nafasi 1,596. Piga hesabu, ni kama watu 85 kwa kiti kimoja. Halafu mtu anakuja humu kuuliza kama mfumo unafanya kazi. Mfumo unafanya kazi, viti ndio hakuna.

#10 Pweza wa Feri
Na hivyo viti 1,596 vilikuwa na majina tayari.

#11 Nesi wa Zamu
@Pweza wa Feri una ushahidi au una njaa?

#12 Pweza wa Feri
Vyote viwili, nesi wangu.

#13 Mwalimu wa Chanika
Mimi niwape ya walimu kwa sababu nilikuwemo. Zamani sisi tulikuwa tunaomba kwenye mfumo wa TAMISEMI, unasubiri orodha ya kupangiwa shule, hakuna usaili. Tukaja kuhamishiwa Ajira Portal na usaili ukaanza Januari 2025. Nafasi 14,648, waombaji 201,707. Kwa hesabu ya Nesi hiyo ni watu 14 kwa kiti kimoja, nafuu kuliko TRA, lakini ukiwa umekaa kwenye kile chumba hauoni unafuu wowote.

Nilifanya mchujo wa kuandika nikavuka, nikafanya mahojiano nikavuka, na kazi sikupata. Hilo ndilo watu hawalijui. Alama 50 ni ya kufaulu, si ya kupata. Wanaanza na wa juu wanashuka mpaka nafasi ziishe. Mwenye 61 anaweza kufaulu na kurudi nyumbani.

#14 Kijana wa Rangi Tatu
Wakuu nimerudi. Nimekaa saa mbili nayapitia. @Masjala wa Zamani nimefanya ulivyosema, nayaweka kwa mafungu maana 23 ni mengi.

Maombi 11 ni ya Mhasibu Daraja la II, taasisi tofauti tofauti. Yote sababu ni kwamba sina sifa za nafasi. Hii imeniuma kwa kweli. Nina digrii ya uhasibu, sifa gani tena?

Maombi 6 ni ya Afisa Hesabu Daraja la II. Matano kati ya hayo sababu ni barua. Moja nitalielezea chini.

Maombi 4 ni ya Afisa Tawala na vitu kama hivyo, niliomba kwa kukata tamaa. Hayo najua mwenyewe.

Mawili ni ya Mkaguzi wa Ndani. Hayana sababu yoyote, yanaonyesha tu kwamba yamepokelewa.

#15 Masjala wa Zamani
Ahsante, sasa tunaongea.

Zile 11 hukukataliwa wewe, ilikataliwa karatasi ambayo huna. Serikalini Mhasibu na Afisa Hesabu si mtu mmoja. Mhasibu Daraja la II anatakiwa awe na digrii pamoja na CPA ya NBAA, au sifa inayolingana nayo inayotambuliwa na bodi hiyo. Mwenye digrii ya uhasibu bila CPA anaombea Afisa Hesabu Daraja la II. Mtaani wote tunawaita wahasibu, ndipo mnapoponzeka. Unasoma kichwa cha tangazo, unaona "Mhasibu", unasema huyu ni mimi, hushuki chini kwenye sifa za mwombaji.

Kwa hiyo tangu leo futa 11 na zile 4 za kukata tamaa. Hujaomba mara 23. Umeomba mara 8.

#16 Pweza wa Feri
Mara 8 😂 Mkuu umemfilisi kijana wa watu.

#17 Mtaalam Kinondoni
Masjala uko sahihi ila nikurekebishe. Siku hizi kompyuta ndiyo inachuja yenyewe, hakuna mtu anayesoma. Ukichagua fani isiyoendana na tangazo inakutema palepale. Ndiyo maana ujanja ni kuchagua fani yenye jina pana kwenye ile orodha.

#18 Masjala wa Zamani
@Mtaalam Kinondoni nusu ya kwanza nakubali, fani uliyochagua kwenye taarifa za elimu ina uzito mkubwa, na mtu akichagua vibaya anaweza kukwama bila kujua. Nusu ya pili usiwafundishe watoto. Ukichagua fani ambayo haimo kwenye cheti chako, siku ya usaili wanashika cheti halisi mkononi. Unarudishwa mlangoni, nauli umeshakula. Na kwenye tangazo wameshaandika kwamba atakayetoa taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria.

Chagua jina lilivyo kwenye cheti. Lisipokuwepo kabisa, waandikie Sekretarieti ya Ajira, wenye huu mfumo, kwa mawasiliano yaliyopo kwenye tovuti yao ulieleze tatizo.

#19 Mtaalam Kinondoni
Sawa mkuu, ila jirani yangu alipita hivyohivyo.

#20 Dada Steshenari
Jirani yako hayupo humu ajitetee 😂

Kijana, hizo tano za barua nakisia kabla hujasema. Una barua moja uliyoandika 2021 unaipakia kila mahali?

#21 Kijana wa Rangi Tatu
@Dada Steshenari umenichungulia dirishani? Ndiyo. Niliandika moja nzuri sana kwa halmashauri moja, nikaielekeza kwa Mkurugenzi Mtendaji. Nikawa nabadilisha tarehe tu. Mbili kati ya hizo hata tarehe sikubadilisha.

#22 Dada Steshenari
Basi sikiliza. Barua ya Ajira Portal inaelekezwa kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Hata kama kazi iko halmashauri ya Mkuranga, unamwandikia Katibu. Kiswahili au Kingereza, vyote vinakubalika. Anwani isome kwenye tangazo lenyewe kila mara usitegemee barua ya rafiki.

Halafu SAINI. Watu wanaandika kwenye kompyuta, wanaigeuza PDF, wanapakia. Hakuna saini popote. Inatakiwa uichapishe, usaini kwa kalamu, uiskani, ndipo upakie. Watu wanakwepa 500 ya kuchapisha na kuskani halafu wanakosa kazi.

Na cheti cha kuzaliwa kiwe na mhuri wa wakili. Wengi wanapakia kopi tupu kwa kuwa wanasema "hiki kimetoka RITA, nani atabisha". Hakuna anayebisha, ila tangazo limetaka kilichothibitishwa. Na wale wa karatasi za matokeo ya muda au zile za matokeo ya kidato cha nne wanazochapisha mtandaoni, hizo hazipokelewi, imeandikwa wazi. Cheti chenyewe.

#23 Wakili wa Mtaa
Nakazia ya Dada. Watu wananiletea vyeti kuthibitisha saa kumi na moja jioni siku ya mwisho ya kuomba, saa sita usiku dirisha linafungwa. Halafu anataka nigonge mhuri bila kuona cheti halisi kwa sababu "halisi kiko Songea kwa shangazi". Mhuri wangu unasema nimekiona halisi. Sijakiona sigongi, hata ulie.

#24 Nesi wa Zamu
Wakili bei zako je? Kuna mmoja Posta alinichaji kila karatasi.

#25 Wakili wa Mtaa
@Nesi wa Zamu kila karatasi ina mhuri wake dada yangu, mimi si daladala useme nikae na mtoto mapajani.

#26 Mwalimu wa Chanika
Kijana ulisema moja ya Afisa Hesabu utaielezea. Ipi?

#27 Kijana wa Rangi Tatu
Ndiyo nilikuwa najipa moyo kwanza.

Hilo moja barua yake niliandikiwa na binamu yangu, ikaelekezwa kwa Katibu, nikaisaini. Leo nimelifungua nikakuta nilichaguliwa kufanya usaili. Kuna na namba ya mtihani kabisa. Usaili ulishapita miezi mingi. Sikuwahi kujua.

Nakumbuka siku ile tangazo la kuitwa kwenye usaili lilipotoka. Ile orodha ndefu nilifungua, nikashuka mpaka Dar es Salaam, nikatafuta jina langu mara tatu, halikuwepo. Nikafunga nikalala.

Leo nimeangalia. Niko kwenye orodha ya Dodoma.

#28 Nesi wa Zamu
Weeeeh.

#29 Pweza wa Feri
Pole mdogo wangu. Hapa sina utani.

#30 Masjala wa Zamani
Chuo ulisoma Dodoma?

#31 Kijana wa Rangi Tatu
Ndiyo mkuu.

#32 Masjala wa Zamani
Basi ndiyo hivyo. Ulifungua akaunti ukiwa chuo, ukajaza makazi Dodoma. Ukarudi Mbagala, akaunti ikabaki Dodoma. Usaili siku hizi unafanyika mikoani na mtu anapangwa kufuata makazi yaliyoko kwenye akaunti yake. Mfumo haujui kama umepanda basi.

Nenda kwenye sehemu ya mawasiliano ubadilishe mkoa wa makazi leo hii. Na usisubiri kupigiwa simu. Tangazo la kuitwa linawekwa kwenye tovuti ya ajira.go.tz na kwenye akaunti yako mwenyewe, jukumu la kuangalia ni lako. Orodha ya majina itafute kwa jina kwenye waraka wote, usishuke mkoa mmoja. Lakini bora zaidi anza kwenye akaunti, maana hata namba ya mtihani unaikuta huko.

#33 Mtaalam Kinondoni
Mimi niliambiwa hata ukibadilisha makazi wanaweza kukupeleka mkoa mwingine kama wa kwako umejaa.

#34 Mwalimu wa Chanika
@Mtaalam Kinondoni sisi tuliofanyia Dar wote niliowajua tulikuwa wa Dar. Ila sisemi haijawahi kutokea.

Ila jamani tuseme ukweli kuhusu gharama. Usafiri, chakula na malazi vya usaili ni juu yako, imeandikwa kwenye kila tangazo. Binamu yangu alifanyia mchujo mkoa wa jirani na kwao, akavuka, siku chache mbele mahojiano. Alikuwa na nauli ya safari moja. Alilala kwa mtu aliyekutana naye kwenye foleni. Kwa hiyo kubadilisha mkoa wa makazi si jambo dogo, ni kati ya kulala kwenu na kulala kwa mgeni.

#35 Sauda Tandika
Habari za humu. Nami nina swali, jina. Kwenye NIDA niko majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili na moja limekosewa herufi, Sauda limekuwa Saudah. Chuo wakafuata la cheti. Nikila kiapo mahakamani inatosha?

#36 Mtaalam Kinondoni
Kiapo kinatosha, wengi wamepita.

#37 Wakili wa Mtaa
@Sauda Tandika taratibu. Kiapo ni maelezo yako wewe kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Hati ya kubadili jina ni kitu kingine, inaandaliwa na wakili, inasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka kule Wizara ya Ardhi, na ndani yake unalikana jina moja na kubaki na jingine. Wakitaka hati iliyosajiliwa, kiapo kitakutia aibu mlangoni. Soma maelekezo ya tangazo la usaili, wanaandika wanachokitaka kwa wenye majina yanayotofautiana. Na usianze siku umeitwa, usajili una foleni zake.

#38 Sauda Tandika
Herufi moja tu jamani. H.

#39 Wakili wa Mtaa
H hiyohiyo.

#40 Mfanyakazi wa Kiwandani
Mmeisahau TaESA, na Kijana aliuliza. Mimi nilipita kwao, niseme nilichokiona.

TaESA hawana kazi za kugawa. Ni wakala wa kukutanisha watu. Unajisajili (sasa mtandaoni, jobs.kazi.go.tz), wanakupa ushauri na ile semina yenye chai, na mwajiri akileta mahitaji wanaangalia nani anafaa kwenye kanzidata yao wanampelekea majina. Anayeamua ni mwajiri. Waajiri wengi ni wa binafsi. Kwa hiyo ukikaa unasubiri TaESA wakupangie halmashauri, umekosa mlango.

Mimi nilichokipata ni mafunzo ya vitendo kazini, utarajali. Nikapelekwa kiwanda kimoja barabara ya Pugu. Posho ndogo, nauli na chakula cha mama ntilie imeisha. Kiwanda hakikuniahidi ajira na mkataba ulisema hivyo. Tulikuwa sita. Muda ulipoisha wakabaki wawili, mimi nikiwa mmoja wao, kwa sababu mtu wa stoo aliacha kazi wiki ileile. Wengine wanne waliondoka na barua ya uzoefu. Barua hiyo si bure, mwenzetu mmoja imemwingiza kampuni nyingine, lakini wawili mpaka leo wako nyumbani.

#41 Pweza wa Feri
Yaani bahati ya mtu wa stoo kuacha kazi. Sasa huo ndio mfumo?

#42 Mfanyakazi wa Kiwandani
@Pweza wa Feri ndiyo kaka. Nisingekuwa ndani ya geti siku ile nisingepata hiyo bahati.

#43 Baba Wawili Kimara
Hao TaESA wanapeleka watu Uarabuni? Kuna kijana hapa mtaani anakusanya laki tatu tatu, anasema yuko na watu wa wizarani.

#44 Masjala wa Zamani
@Baba Wawili Kimara usimpe hata mia. TaESA kazi za nje wanashughulika nazo, na wapo mawakala binafsi wenye leseni, na mikataba hiyo inapitia kwa Kamishna wa Kazi. Huyo wa mtaani mwambie akuonyeshe leseni halafu uende nayo wewe ofisini ukaiulize. Kama ana haraka ya hela kuliko wewe una haraka ya kazi, jibu umelipata.

Hali kadhalika wale wanaotuma ujumbe "jina lako limepita Utumishi, tuma 50,000 tukuweke kituo cha karibu". Kuomba ni bure, kuitwa ni bure.

#45 Nesi wa Zamu
Kituo cha karibu 😂 Mimi nilikuwa kwenye kanzidata ya Utumishi, ile ya waliofaulu usaili wakakosa nafasi. Nilifanya usaili nikafaulu, jina kwenye orodha ya kuitwa kazini halikutoka. Nikaendelea na zahanati ya mtu binafsi Tabata. Ikapita miezi, likatoka tangazo la kuitwa kazini la mkupuo mwingine, pale juu limeandikwa kwamba linajumuisha na waliokuwa kanzidata. Mimi nisingefungua, ni mwenzangu wa zamu ndiye aliyeniona. Barua ya kupangiwa kituo nikaipakua mwenyewe kwenye akaunti. Kituo: Nkasi, Rukwa. Nilikuwa sijawahi kuvuka Morogoro.

#46 Mwalimu wa Chanika
@Nesi wa Zamu kwa hiyo mimi mwenye kufaulu bila kupata bado nina matumaini?

#47 Nesi wa Zamu
Inategemea mwalimu. Ikitokea nafasi ya fani yako kabla muda wako kwenye kanzidata haujaisha, ndiyo. Ila usiache kuomba mpya kwa kuisubiri hiyo. Mimi niliendelea kuomba.

#48 Mtaalam Kinondoni
Kanzidata ni pazia tu la kuwatuliza watu.

#49 Nesi wa Zamu
Pazia limenilipa mshahara mwezi wa jana bwana Mtaalam, naandika nikiwa Nkasi.

#50 Pweza wa Feri
Nakubali kuna wanaopita bila mtu. Lakini msiniambie hakuna wanaopita kwa mtu. Nilifanya kibarua taasisi moja, nafasi za mkataba mfupi zilijazwa bila tangazo lolote kuonekana popote, wote ni watoto wa watu tunaowajua. Hizo haziji kwenye Ajira Portal mkaziona.

#51 Masjala wa Zamani
@Pweza wa Feri hapo sikubishii. Vibarua na mikataba mifupi ni ulimwengu wake, na nimeona mengi. Kwenye ajira za kudumu zenye mchujo wa kuandika, mjomba ana kazi ngumu zaidi kuliko unavyodhani, maana kuanzia mchujo kuna alama zimeandikwa. Sijasema haiwezekani.

#52 Pweza wa Feri
"Sijasema haiwezekani." Nimechukua skrinishoti.

#53 Kijana wa Rangi Tatu
Wakuu nimefanya haya leo. Makazi nimebadilisha, sasa ni Dar es Salaam, Temeke. Nimekuta na namba ya simu iliyokuwemo ni ya laini niliyoitupa 2022. Wadhamini watatu niliowaweka, mmoja ni mhadhiri aliyeshahamia nchi nyingine, nimemtoa nikamweka msimamizi wangu wa duka la jumla Kariakoo ninapoandika mahesabu. Hiyo kazi ya Kariakoo sikuwa hata nimeijaza kwenye uzoefu, nilidhani haihesabiki.

NBAA nitaanza mtihani mmoja mmoja kadiri hela itakavyoruhusu. Kuna tangazo la Afisa Hesabu Daraja la II linafungwa Alhamisi. Barua nimeandika upya kwa Katibu, nimepakia.

#54 Dada Steshenari
Umesaini?

#55 Kijana wa Rangi Tatu
…

#56 Kijana wa Rangi Tatu
Mnafungua saa ngapi kesho dada?

#57 Dada Steshenari
Saa moja na nusu. Njoo na kalamu yako ya TaESA.